Matokeo ya utafiti yakigongana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuandika muhtasari wa mameneja

Ukurasa huu ni wa yule anayeachiwa kazi ya kuandika. Wadodosaji wamesharudi kutoka uwanjani, data imepakuliwa kutoka Kobo, programu ya kukusanyia majibu ya dodoso, mameneja wanataka ukurasa mmoja kabla ya kikao cha Ijumaa, na namba hazikubaliani. Maswali haya nimeulizwa na wenzangu wanaofanya kazi hii Mbale, Tororo, Busia na Kampala, na mengine niliwahi kujiuliza mwenyewe usiku, nikiwa na jedwali mbele yangu.

Mtatumia mfano gani?

Mmoja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, ili usilazimike kuanza upya kila swali. Chukua chama cha akiba na mikopo, sako kama tunavyosema, chenye matawi mawili: Mbale na Busia. Wanachama wake ni wachuuzi wa sokoni, waendesha boda na wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka kila siku. Mwaka jana walihojiwa wanachama 400, na mwaka huu 400 tena. Chama na namba zake ni vya kutungwa kwa ajili ya maelezo, lakini migongano yenyewe ni ile ile ninayokutana nayo kila mara.

Haya ndiyo yaliyotoka mwaka huu. Asilimia 67 wanasema wameridhika na huduma, wakati mwaka jana walikuwa asilimia 71. Asilimia 38 wanasema katika miezi 6 iliyopita wamefikiria kuhamishia akiba yao kwingine. Wengi wanasema ada zinaeleweka, na wengi vilevile wanasema kuna ada zilizofichwa. Wanachama wanasema mkopo unachukua wiki tatu, mfumo wa ofisi unasema siku 9.

Nikiona matokeo mawili yanapingana, nianzie wapi?

Usianze kuandika. Kosa ninaloliona zaidi ni mwandishi kuzipatanisha namba kwa sentensi: "Kwa ujumla wanachama wameridhika, ingawa bado kuna changamoto." Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe. Meneja aliyeisoma aliona nusu ya kwanza, bodi ikaamua hakuna haja ya kugusa chochote, na wanachama wakaendelea kuondoka kimyakimya mwaka mzima. Nusu ya pili ilikuwepo kwenye karatasi, lakini haikumwambia mtu yeyote afanye nini. Hilo bado linaniuma, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya data ile ile.

Rudi kwa watu. Asilimia ni muhtasari wa watu, na asilimia mbili zinazogombana mara nyingi zinawahusu watu tofauti, au watu wale wale wanaojibu mambo tofauti. Kabla hujajua ni lipi kati ya hayo mawili, huna cha kuandika.

Kwa mfano wetu, gawa wahojiwa 400 kwa majibu yote mawili kwa pamoja, kuridhika na kufikiria kuondoka. Kwenye Excel inatosha mstari mmoja kwa kila kisanduku:

```
=COUNTIFS(D2:D401,"ameridhika",F2:F401,"ndiyo")
```

Inatoka hivi. Walioridhika ni 268, na kati yao 72 wamefikiria kuondoka. Wasioridhika ni 132, na kati yao 80 wamefikiria kuondoka. Jumla 152, ndiyo ile asilimia 38.

Wale 80 hawashangazi. Mtu hajaridhika, anafikiria kuondoka, basi. Habari iko kwa wale 72. Ni mtu zaidi ya mmoja katika kila wanne walioridhika, na hao ndio wanaofanya namba zionekane zinapingana. Sasa fungua majibu yao ya maelezo, yote 72, uyasome moja moja. Ni kazi ya asubuhi moja. Katika mfano wetu, 54 kati ya 72 wametaja mkopo kuchelewa. Mmoja, muuza nyanya wa Busia, kamwambia mdodosaji: "Wahudumu ni wazuri, wananisalimia kwa jina. Lakini mkopo wa kununua mzigo unafika mzigo umeshanunuliwa na wengine."

Mama huyo hajajipinga hata kidogo. Alipoulizwa kuhusu huduma, alimfikiria dada anayekaa dirishani. Alipoulizwa kuhusu kuondoka, alifikiria biashara yake. Maswali mawili, vitu viwili. Mgongano ulikuwa kichwani mwetu tulioweka namba hizo mbili chini ya kichwa kimoja cha habari.

Jumla imeshuka, lakini nikigawa kwa matawi kila tawi limepanda. Nimekosea hesabu?

Inawezekana kabisa hujakosea. Tazama:

Mwaka jana walihojiwa watu 280 Mbale na 120 Busia. Mbale walioridhika walikuwa asilimia 80, Busia asilimia 50. Ukichanganya wote unapata watu 284 kati ya 400, yaani asilimia 71.

Mwaka huu walihojiwa 160 Mbale na 240 Busia. Mbale imepanda hadi asilimia 85, Busia hadi asilimia 55. Ukichanganya unapata 268 kati ya 400, asilimia 67.

Kila tawi limepanda pointi 5, jumla imeshuka pointi 4, na hesabu zote ni sahihi. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa watu. Busia, tawi ambalo siku zote kuridhika kwake kuko chini, mwaka jana ilikuwa chini ya theluthi ya waliohojiwa, na mwaka huu imekuwa zaidi ya nusu. Ni kama kupika maharage na mchele kwenye sufuria moja: ukiongeza maharage, chakula kitabadilika rangi hata kama hakuna punje iliyobadilika.

Wanatakwimu wanaliita jambo hili kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyeandika kulihusu mwaka 1951. Mfano wake maarufu ni wa maombi ya masomo ya juu Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Kwa jumla wanaume walikubaliwa kwa asilimia 44 hivi na wanawake asilimia 35 hivi, lakini ukienda idara kwa idara upendeleo huo ulikuwa hauonekani. Wanawake wengi zaidi walikuwa wameomba idara ambazo kila mtu aliziona ngumu kuingia.

Dalili ya kukushtua ni rahisi. Linganisha idadi ya wahojiwa wa kila kundi mwaka hadi mwaka kabla hujalinganisha majibu yao. Idadi zikiwa zimehama sana, jumla ya mwaka huu na ya mwaka jana hazilinganishiki zilivyo. Uliza pia kwa nini zimehama. Mara nyingi sababu ni ya kawaida tu: wadodosaji wawili wa Mbale waliugua, au daftari la namba za simu la Busia lilisafishwa na watu wakaanza kupatikana.

Dawa yake ni kuzipa takwimu za kila tawi uzito unaolingana na idadi halisi ya wanachama wake. Ikiwa daftari la chama linaonyesha asilimia 60 ya wanachama ni wa Mbale na 40 ni wa Busia, basi mwaka jana ni 0.6 × 80 + 0.4 × 50 = 68, na mwaka huu ni 0.6 × 85 + 0.4 × 55 = 73. Huo ndio mlinganisho wa haki.

Basi niandike kuridhika kumepanda kutoka 68 hadi 73?

Subiri kidogo. Hapa ndipo mwandishi mwangalifu anapoteleza, kwa sababu ameshafanya kazi ngumu ya kugundua kitendawili, naye anatamani kupata habari njema mkononi.

Umewahoji watu 400, si wanachama wote. Ungewahoji 400 wengine wa chama hicho hicho wiki hiyo hiyo, namba zingetofautiana kidogo bila chochote kubadilika. Kwa hiyo kila tofauti lazima ipimwe kwanza: je, ni kubwa kuliko mtikisiko huo wa kawaida? Ukiwa na asilimia mbili kutoka makundi mawili, mtikisiko unaukadiria hivi, ambapo safu B ina kiwango (0.50, 0.55) na safu C ina idadi ya watu:

```
=1.96*SQRT(B2*(1-B2)/C2+B3*(1-B3)/C3)
```

Kwa Busia, 0.50 kwa watu 120 na 0.55 kwa watu 240, jibu ni 0.11 hivi, yaani pointi 11 kila upande. Kupanda kwa pointi 5 kunamezwa humo. Kwa Mbale jibu ni pointi 7, na pointi 5 zinamezwa tena. Hata ile jumla yenye uzito, kutoka 68 hadi 73, ina mtikisiko wa pointi 6. Na kushuka kutoka 71 hadi 67, ambako kulikuwa kumeshaanza kuzungumzwa ofisini, nako kuko ndani ya mtikisiko.

Maana yake ni kwamba swali ambalo mameneja walikuwa wanataka kubishania, tumepanda au tumeshuka, utafiti huu haulijibu. Andika hivyo kwa ujasiri. "Hatuoni mabadiliko yanayoweza kuthibitishwa" ni matokeo kamili, wala hayamaanishi kwamba utafiti umeshindwa.

Sasa pima kitu kingine kwa fomula hiyo hiyo: pengo kati ya Mbale na Busia mwaka huu. Ni pointi 30, na mtikisiko wake ni pointi 8. Mwaka jana pia lilikuwa pointi 30. Hili halimezwi na chochote. Miaka miwili mfululizo, mwanachama wa Busia ana nafasi ndogo sana ya kuridhika kuliko mwenzake wa Mbale, na jambo hili halikuwa limetajwa na mtu yeyote, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye 71 na 67.

Tahadhari moja. Fomula hiyo inachukulia kwamba wahojiwa walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftarini. Kama wadodosaji walikwenda soko moja na kuwahoji watu waliokaa meza kwa meza, majibu yatafanana kwa ujirani, na mtikisiko halisi utakuwa mkubwa kuliko fomula inavyosema. Pengo la pointi 30 huenda likavumilia hilo. Tofauti ya pointi 9 huenda isivumilie.

Watu wale wale wamekubali sentensi mbili zinazopingana. Niamini ipi?

Usiamini yoyote, kwanza hesabu.

Katika mfano wetu, asilimia 74 wamekubali kwamba "ada za chama zinaeleweka", na asilimia 58 wamekubali kwamba "chama kina ada zilizofichwa". Jumlisha: 74 na 58 ni 132. Kwa kuwa watu wote ni 100, ni lazima angalau asilimia 32 wawe wamekubali zote mbili. Hilo unalijua hata kabla ya kufungua data. Ukiifungua unakuta ni watu 148, asilimia 37.

Zaidi ya theluthi ya wahojiwa wamesema ndiyo kwa kitu na kwa kinyume chake. Wanaojua kazi hii wanaifahamu tabia hiyo: mtu anamkubalia aliyeuliza. Kwetu huku ina sura yake. Mdodosaji amekuja na kitambulisho cha chama shingoni, amekaribishwa kiti, mzee wa nyumba anamheshimu mgeni, na kumkatalia mgeni sentensi baada ya sentensi si adabu. Ongeza uchovu: sentensi hizi zilikuwa namba 31 na 32 kwenye dodoso, na jua lilikuwa limeshapanda.

Kuna sababu nyingine ya kuchunguza kabla ya kumlaumu mhojiwa, nayo ni tafsiri. Dodoso liliandikwa kwa Kiingereza, wadodosaji wakalitafsiri papo hapo kwa Kiswahili, Kiganda, Lumasaba au Kisamia, kila mtu kwa maneno yake. "Ada zilizofichwa" inaweza kugeuka "ada ambazo hukuzijua zamani", na hapo kukubali zote mbili si kosa tena: sikuzijua, sasa nazijua. Pima kwa kugawa majibu kwa jina la mdodosaji. Ukikuta waliokubali zote mbili wamejazana kwa wadodosaji wawili kati ya wanane, tatizo ni la tafsiri au la namna ya kuuliza. Wakiwa wametawanyika sawa kwa wote, tatizo ni la swali lenyewe.

Kwenye muhtasari, usiweke 74 wala 58. Usiwatupe wale 148 ukatumia waliobaki pia, maana hujui kama waliobaki wanafanana nao. Andika sentensi moja: swali la ada halikupimika mwaka huu kwa sababu zaidi ya theluthi ya wahojiwa walikubali kauli zote mbili zinazopingana. Kisha pendekeza swali la mwakani lisilo la kukubali au kukataa: "Mara ya mwisho ulipotoa pesa, ulikatwa shilingi ngapi?" Jibu hilo unaweza kulilinganisha na kitabu cha chama.

Mfumo wa ofisi unasema mkopo hutoka kwa siku 9, wanachama wanasema wiki tatu. Nani anasema kweli?

Swali hili linapasua vikao. Meneja wa mikopo anahisi ameitwa mwongo, na mtu wa utafiti anahisi data yake imedharauliwa. Karibu kila mara wote wawili wanasema kweli, ila saa zao zimeanza kuhesabu mahali tofauti.

Nenda kwenye kabati. Toa fomu 20 za mikopo zilizokamilika karibuni, uzifuatilie tarehe kwa tarehe kwenye makaratasi yenyewe. Moja ya fomu hizo, ya muuza mitumba, inasoma hivi. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ina mhuri wa tarehe 3 Machi. Mdhamini wa kwanza ametia sahihi tarehe 9. Mdhamini wa pili alikuwa msibani kijijini, ametia sahihi tarehe 15. Fomu imepokelewa na kuingizwa kwenye mfumo tarehe 17. Mkopo umetoka tarehe 26.

Mfumo unaona kutoka tarehe 17 hadi 26, siku 9, na umesema kweli. Muuza mitumba anahesabu kutoka siku aliyokwenda kwa mwenyekiti, siku 23, naye kasema kweli. Siku 14 zilizobaki katikati hazina mwenyewe. Hakuna idara inayozihesabu, kwa hiyo hakuna ripoti inayozionyesha, na ndizo zinazomfanya mtu aliyeridhika afikirie kuhamisha akiba yake.

Ukifuatilia fomu zote 20 na ukaona nyingi zinafuata mkondo huo, umepata sentensi bora kuliko zote katika muhtasari wako: "Mkopo unachukua siku 9 mikononi mwetu na takriban wiki mbili kabla haujafika mikononi mwetu." Meneja wa mikopo hashambuliwi, mwanachama hapuuzwi, na inajulikana mahali pa kufanyia kazi. Kumbuka tu kuandika kwamba ni fomu 20 kutoka kabati moja, ili asitokee mtu akaigeuza kuwa wastani wa chama kizima.

Na kama nimechunguza kila kitu na bado sielewi kwa nini yanapingana?

Sema hivyo, kwa ufupi. Katika mfano wetu, nusu ya wanachama wanaupenda ujumbe wa simu unaotumwa kila pesa inapoingia, na karibu nusu nyingine wanataka ukomeshwe. Umegawa kwa tawi, umri, jinsia, aina ya biashara, na hakuna kinachotenganisha makundi hayo. Andika: "Maoni kuhusu ujumbe wa simu yamegawanyika, na utafiti huu hauonyeshi sababu." Usitunge sababu. Nadharia ya mwandishi ikishaingia kwenye muhtasari, baada ya miezi mitatu inanukuliwa kama matokeo.

Muhtasari wenyewe uonekaneje basi?

Huu hapa wa mfano wetu, kama ambavyo ningeupeleka kwa mameneja:

> Matokeo ya utafiti wa wanachama, mwaka huu
>
> Wanachama wa Busia wameridhika kidogo sana kuliko wa Mbale: asilimia 55 dhidi ya 85. Pengo hili la pointi 30 lilikuwepo pia mwaka jana. Ndilo tokeo lenye uhakika zaidi katika utafiti huu.
>
> Hatuoni mabadiliko ya kuridhika kati ya mwaka jana na mwaka huu. Namba ya jumla imetoka 71 hadi 67 kwa sababu safari hii tuliwahoji watu wengi zaidi wa Busia. Tukirekebisha hilo inasomeka 68 hadi 73, tofauti ambayo bado ni ndogo mno kuthibitishwa.
>
> Wanachama 152 kati ya 400 wamefikiria kuhamisha akiba. Takriban nusu yao, 72, wameridhika na huduma. Tulisoma maelezo ya hao 72, na 54 wametaja mkopo kuchelewa. Katika fomu 20 tulizofuatilia Busia, muda mwingi umepotea kwenye barua ya LC1 na sahihi za wadhamini, kabla fomu haijaingia kwenye mfumo.
>
> Hatuwezi kusema chochote kuhusu uelewa wa ada: swali halikupimika. Maoni kuhusu ujumbe wa simu yamegawanyika, na sababu haijulikani.
>
> Tunaomba uamuzi: je, chama kianze kurekodi tarehe ambayo mwanachama anachukua fomu, kuanzia robo ijayo, katika matawi yote mawili?

Angalia mpangilio. Lililo na uhakika zaidi limetangulia, si lile lililokuwa swali la kwanza kwenye dodoso. Lile ambalo watu wameshalisikia kwenye korido, 71 na 67, limejibiwa mapema, kwa sababu lisipojibiwa litaulizwa kikaoni na kula nusu saa. Yasiyojulikana yamepewa aya yake, fupi, nayo haikufichwa kwenye kiambatisho. Ombi la mwisho ni dogo na linatokana na tokeo lililo juu yake moja kwa moja. Sikupendekeza kufuta barua ya LC1, maana utafiti wa kuridhika hauwezi kujua hatari ya kukopesha bila barua hiyo.

Bosi anasema: "Nipe namba moja niipeleke kwa bodi." Nifanyeje?

Mpe, lakini wewe ndiye uichague. Ukimwambia "Madam, haiwezekani", atachukua 67 mwenyewe kutoka ukurasa wa tatu, na atakuwa amechukua ile inayopotosha kuliko zote.

Ningemjibu hivi: "Madam, namba ni 30. Ndilo pengo kati ya Mbale na Busia, na halijasogea kwa miaka miwili." Ni namba moja, inakumbukika, na hata akiitamka peke yake bila maelezo yoyote haidanganyi. Hicho ndicho kipimo changu cha namba inayosafiri: iwe kweli hata ikifika mbali bila wewe. Asilimia 67 haifaulu kipimo hicho, kwa sababu anayeisikia atailinganisha mara moja na 71.

Naweza kutumia "wengi", "baadhi", "wachache"?

Unaweza, ukiweka namba kando yake mara ya kwanza. Neno "baadhi" ndilo linaloficha mambo zaidi: nimeona likibeba watu 3 na nimeona likibeba watu 170 katika ripoti moja. Na kundi likiwa chini ya watu 30 hivi, acha asilimia kabisa, andika "7 kati ya 18".

Meneja wa tawi la Busia analalamika kwamba tawi lake linaonewa. Nibadilishe muhtasari?

Usibadilishe namba, lakini msikilize kabla ya kikao, si ndani ya kikao. Mpelekee rasimu siku mbili kabla, kwa heshima, umwambie: "Mzee, hivi ndivyo data inavyosema kuhusu tawi lako. Kuna jambo silijui?" Mara nyingi lipo. Anaweza kukuambia kwamba Busia ina afisa mikopo mmoja wakati Mbale ina watatu, au kwamba wadhamini wengi wa wanachama wake wanaishi ng'ambo ya mpaka, na sahihi inategemea siku wanayovuka. Hayo yanastahili mstari mmoja kwenye muhtasari, yakiwa yametajwa kwamba yametoka kwa meneja wa tawi na si kwenye dodoso.

Akikuomba uliondoe pengo lenyewe, hapo ukatae. Pengo si kosa lake peke yake, na likiondolewa hatapata afisa mikopo wa pili.

Maoni ya maandishi yamejaa malalamiko kuliko namba. Nisawazishe?

Hapana. Anayekubali kuongea zaidi kwa kawaida ni mwenye jambo. Maoni ya maandishi yanakuambia *kwa nini*, hayakuambii *wangapi*. Ndiyo maana ile 54 nimeiandika kama 54 kati ya 72 waliosomwa, sikuigeuza asilimia ya wanachama wote.

Naweza kunukuu maneno ya mwanachama?

Nukuu moja iliyochaguliwa vizuri inafanya kazi kuliko grafu tatu. Lakini iondolee kila kinachomtambulisha. "Muuza nyanya wa Busia" ni sawa pale ambapo wauza nyanya ni mamia. "Mwanamke fundi wa pikipiki, Busia" huenda ni mtu mmoja tu mjini, na afisa wa mikopo atamjua kabla hajamaliza kusoma. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na mtu aliyekubali kuhojiwa hakukubali kutambulika kwenye meza ya meneja anayeamua mkopo wake. Kwa sababu hiyo hiyo, faili lenye majibu ya mtu mmoja mmoja lisiambatishwe kwenye barua pepe ya muhtasari hata kama meneja ameliomba. Mpelekee majedwali, na kundi lenye watu chini ya 10 liunganishe na la jirani yake kwanza.